Kalenda Inayoanzia Tanuruni

Mwaka 2009, katika mgahawa wenye bekari uitwao Albion, mashariki mwa jiji la London, kilifungwa kisanduku kidogo jikoni. Kilibuniwa na kampuni ya Poke na kikaitwa BakerTweet. Mwokaji akitoa trei motoni, alizungusha kitufe mpaka kwenye jina la kilichoiva, akabonyeza, na ujumbe ukatoka papo hapo kwenye mtandao wa Twitter, ambao leo unaitwa X. Watu wa ofisi za jirani wakajua kwamba kuna kitu cha moto kimetoka sasa hivi. Mwokaji hakulazimika kunawa unga, kushika simu wala kutafuta maneno matamu.

Teknolojia ile imeshapitwa na wakati, na leo simu ya kawaida inafanya zaidi ya hayo. Lakini wazo lake halijazeeka: tangazo la bekari lilifungwa kwenye ratiba ya tanuri. Bekari nyingi mpya hufanya kinyume. Wiki ya ufunguzi hurushwa picha kumi kwa siku, wiki ya pili tatu, wiki ya tatu linabaki bango la "Jumamosi njema" lenye maua, na kufikia mwisho wa mwezi ukurasa umelala. Uvivu si sababu kubwa ya hali hiyo. Tatizo ni kwamba mwenye duka alianza kwa kujiuliza "leo niweke nini?" na swali hilo, likiulizwa kila asubuhi na mtu aliyeamka saa nane usiku kukanda unga, halina jibu baada ya siku ya kumi.

Namna ya kulikwepa ni kupanga mwezi mzima kabla ya mlango kufunguliwa, na kuupanga kwa kufuata mambo mawili ambayo tayari yana mpangilio wake: saa za tanuri na mfuko wa mteja. Makala hii inafuata mpango mmoja wa aina hiyo hatua kwa hatua.

Chukulia bekari ndogo ya kuwaza tu, iliyoko Ngamiani, Tanga, inayofungua Jumamosi ya tarehe 3 Oktoba 2026. Ina tanuri moja la gesi na watu wanne: mwokaji, msaidizi wake, muuzaji wa kaunta na mwenye duka. Inaoka mkate wa boksi, boflo, mkate wa ajemi, skonzi na keki za oda. Kila usiku hutumia mfuko mmoja wa unga wa kilo 25 kwa mkate wa boksi. Ukiongezwa maji, sukari, mafuta, chumvi na hamira, mfuko huo unatoa kinyunga cha kilo 42 hivi. Kila mkate wa gramu 400 unahitaji donge la gramu 450, kwa kuwa sehemu ya maji hupotea kwenye moto, kwa hiyo mfuko unaleta mikate tisini na kidogo. Hiyo ndiyo namba ya kukaa nayo kichwani. Kazi ya mtandao kwa bekari hii ni kuhakikisha mikate hiyo tisini inaondoka kabla ya saa mbili usiku, siku baada ya siku.

Namba hiyo inapunguza sana ukubwa wa kazi. Mkate ni bidhaa ya mtaa. Mtu hapandi bajaji kutoka upande mwingine wa mji kufuata mkate wa shilingi elfu mbili, na mtu wa Mwanza akitazama video ya boflo mara kumi hanunui hata moja. Bekari inahitaji labda kaya mia tatu zinazoishi au kupita karibu, ziijue vizuri na ziiamini. Anayeelewa hivyo haoni wivu kwa kurasa zenye wafuasi laki mbili, wala hapangi mwezi wake kwa kuziiga.

Ndiyo maana WhatsApp inatangulia. Status hudumu saa 24 kisha hufutika, jambo linaloendana na mkate kwa sababu habari ya mkate wa leo haina kazi kesho. Lakini kuna sharti ambalo wengi hulisahau: Status huonwa na watu waliohifadhi namba ya duka na ambao duka nalo limehifadhi namba zao. Ujumbe wa orodha ya matangazo nao huwafikia wale tu walio na namba hiyo kwenye simu zao. Kwa hiyo bekari inaweza kuweka Status nzuri kwa wiki nzima na zikaonwa na ndugu wa mwenye duka peke yao. Kabla ya picha yoyote, muuzaji wa kaunta anapewa kazi ya kumwambia kila mnunuzi: "Hifadhi namba yetu, utuandikie jina lako, tutakujulisha mkate ukitoka." Namba inaandikwa kwa herufi kubwa ukutani, na kwenye karatasi ya kufungia pia. Duka linalopata majina kumi na tano kwa siku litakuwa na zaidi ya mia nne mwisho wa mwezi, na wote ni watu waliokwishafika mlangoni.

Instagram na Facebook zinafanya kazi tofauti. Hapo ndipo mtu ambaye hajafika huangalia kama duka lipo kweli, lipo wapi na bei zake zikoje. Kwa hiyo zinahitaji machapisho machache yanayodumu. Bekari ya Ngamiani inapanga siku tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kuanzia tarehe 3 hadi 31 Oktoba siku hizo ni kumi na tatu tu. Machapisho kumi na matatu kwa mwezi mzima yanaonekana machache, lakini watu wanne wanaoanza kazi usiku wa manane wanaweza kuyatimiza, na ukurasa usiokatika una manufaa kuliko ule unaowaka wiki moja na kuzimika.

Saa nazo zinatoka tanuruni. Bekari hii inatoa mkate wa kwanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, na awamu ya pili, ya boflo na ajemi, saa tisa na nusu alasiri. Status ya asubuhi inawekwa mara tu trei ya kwanza inapotoka, ili mtu anayeamka kuandaa chai aikute. Ya pili inawekwa saa kumi jioni kasoro robo, wakati ofisi zinakaribia kufungwa na watoto wamesharudi kutoka shule. Hizo ni mbili kwa siku, kila siku, na hazihitaji ubunifu: trei, mvuke, sauti ya mwokaji akisema "ajemi imetoka", bei. Huo ni uti wa mgongo. Machapisho yale kumi na matatu ndiyo yanayopaswa kutofautiana.

Hapa ndipo wengi hukosea maana ya kutofautiana. Hubadilisha rangi za bango, aina za herufi na mapambo, huku ujumbe ukibaki "karibuni sana, tunaoka mikate mitamu". Mtazamaji anaona kitu kilekile mara kumi na tatu. Machapisho hutofautiana kweli pale kila moja linapojibu swali jingine ambalo mteja analo kichwani. Mteja mpya ana maswali yake kwa mpangilio unaojulikana: Duka liko wapi? Bei gani? Ni safi? Nani anaoka? Mkate utanikaa siku ngapi? Naweza kuagiza keki na nikaipata kama nilivyoitaka? Mpango wa mwezi ni kuyajibu maswali hayo kwa zamu, na kuyapanga zamu hizo kwa kuangalia mwezi wenyewe una nini.

Oktoba ya Tanga ina mambo yake. Jumatano ya tarehe 14 ni kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, siku ya mapumziko, na familia zitakunywa chai nyumbani kwa utulivu. Mahafali ya kidato cha nne hufanyika katika kipindi hiki kabla ya mtihani wa Novemba, na mahafali bila keki siku hizi ni nadra. Katikati ya mwezi mifuko imetoboka. Kuanzia tarehe 24 hivi mishahara inaanza kuingia. Vilevile kuna tarehe 16, ambayo duniani ni siku ya chakula na waokaji wa nchi nyingi huiadhimisha kama siku ya mkate. Mwenye bekari atashawishika kuitengenezea bango. Aiache. Mkazi wa Ngamiani haijui siku hiyo, na haitamfanya anunue mkate wa pili.

Wiki ya kwanza inajibu wapi, nini na kwa bei gani. Chapisho la Jumamosi tarehe 3 ni video ya sekunde ishirini, iliyopigwa na mtu anayetembea kutoka kwenye alama inayojulikana na kila mtu mtaani, msikiti au duka la dawa, mpaka mlangoni mwa bekari, na inaishia kaunta. Haina muziki wala hotuba. Maandishi yake ni mafupi: "Tumefungua leo. Mkate wa boksi 2,000, ajemi 1,000, skonzi 300. Saa kumi na moja na nusu alfajiri mpaka saa mbili usiku." Namba ya simu inafuata. Jumanne tarehe 6 ni ubao wa bei wote, umeandikwa kwa chaki na kupigwa picha karibu kiasi cha kusomeka kwenye simu ndogo. Zipo kurasa ambazo zimezoea kuficha bei na kumwambia mteja aulize kwa ujumbe. Kwa mkate ni kosa. Hakuna mtu atakayeandika ujumbe kuulizia bei ya skonzi. Atakwenda duka la jirani ambako anaijua. Alhamisi tarehe 8 ni mkate mmoja tu, umekatwa katikati, kamera ikiwa karibu na ganda ili mlio wa kuvunjika usikike.

Instagram inaruhusu kubandika machapisho matatu juu ya ukurasa yasishuke. Video ya njia na ubao wa bei vinabandikwa hapo siku hiyohiyo. Nafasi ya tatu inaachwa kwa chapisho la oda za keki linalokuja baadaye.

Wiki ya pili inajenga imani. Jumamosi tarehe 10 inaonyesha kazi ya usiku: saa nane unga unachekechwa, saa tisa donge linapumzika chini ya kitambaa, saa kumi yanakatwa madonge na kupimwa kwenye mizani, saa kumi na moja tanuri linafunguliwa. Vipande vinne vya sekunde tano vinatosha. Kitakachoangaliwa na akina mama si ustadi wa mpiga picha. Wataangalia kucha, kofia ya kichwani, meza na sakafu. Kama sakafu haijafagiliwa video hiyo itaumiza duka kwa muda mrefu, kwa hiyo msaidizi anafagia kwanza ndipo simu inawashwa. Jumanne tarehe 13 inatangaza saa za kesho yake, siku ya mapumziko: mkate wa kwanza utatoka saa moja asubuhi badala ya alfajiri, kwa kuwa watu watachelewa kuamka, na skonzi zitaongezwa trei moja.

Alhamisi tarehe 15 ndiyo inayohitaji kufikiriwa zaidi, kwa sababu ni keki, na keki ndiyo eneo lenye malalamiko mengi mtandaoni. Kisa kinajulikana: mteja anaona picha ya keki ya ghorofa tatu yenye maua, analipa, na siku ya sherehe analetewa kitu kilichoinama. Mara nyingi picha ile ilichukuliwa kwenye ukurasa wa mwokaji wa nchi nyingine. Bekari mpya ina kishawishi kikubwa cha kufanya hivyo, maana bado haina keki za kuonyesha. Dawa yake ni kuoka keki za majaribio mwishoni mwa Septemba na kupiga picha hizohizo, hata kama ni nne tu.

Kwa kuwa keki Tanzania huuzwa kwa kilo, na wanunuzi wengi hawana picha kichwani ya kilo mbili inaonekanaje, chapisho la tarehe 15 linaweka keki ya kilo moja na ya kilo mbili kwenye meza moja, kando ya sahani ya kawaida ya wali. Kisha kila moja inakatwa, na vipande vinahesabiwa mbele ya kamera. Mzazi anayeandaa mahafali ya Jumamosi ya tarehe 24 au 31 anaona mwenyewe kama kilo mbili zitawatosha wageni wake. Chapisho hilo linapaswa kutoka katikati ya mwezi, kabla ya mshahara, kwa sababu mahafali hupangwa mapema. Likisubiri wiki ya nne, wazazi watakuwa wamekwishaagiza kwingine.

Wiki ya tatu ndiyo ngumu. Ufunguzi umesahaulika, mshahara bado, na hapa ndipo kurasa nyingi hufa. Mpango unakwenda na hali ya mfuko. Jumamosi tarehe 17 anaonyeshwa mteja mmoja wa kila siku, kwa mfano mama ntilie anayechukua boflo ishirini kila alfajiri kwa ajili ya wateja wake wa maharage. Anazungumza mwenyewe, sekunde kumi na tano, kwa maneno yake. Aombwe idhini kwanza, na ikiwezekana kwa maandishi ya WhatsApp, kwa sababu tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika Tanzania, na sura ya mtu ni taarifa yake. Watoto wa shule wenye sare wasirekodiwe kabisa, hata wakiwa wanachangamsha kaunta.

Jumanne tarehe 20 ni somo dogo la kuhifadhi mkate, na ni chapisho ambalo watu watatumiana. Wengi huweka mkate kwenye friji wakidhani unakaa vizuri. Baridi ya friji huufanya ukakamae haraka zaidi, kwa sababu wanga uliolainishwa na moto hujipanga upya na kuwa mgumu upesi katika ubaridi huo. Mkate wa kuliwa leo na kesho ukae mezani ndani ya mfuko wake. Wa kuliwa baada ya siku kadhaa ukatwe vipande na kugandishwa kabisa kwenye friza. Uliokauka kidogo unanyunyiziwa maji na kupashwa kwenye kikaango kilichofunikwa kwa dakika mbili tatu, ukalainika. Kwa unyevunyevu wa Tanga, hasa mvua za vuli zinapoanza, mkate wenye doa la ukungu utupwe wote, maana nyuzi za ukungu hupenya mbali kuliko jicho linavyoona. Mwishoni mwa somo muuzaji anaongeza jambo moja: mkate wa jana unauzwa kwa bei pungufu kila asubuhi mpaka saa nne, kwenye trei ya pembeni iliyoandikwa wazi kwamba ni wa jana. Katikati ya mwezi tangazo hilo litaleta watu, na litawaonyesha pia kwamba trei kubwa ni ya leo.

Alhamisi tarehe 22 wateja wanaulizwa swali: skonzi mpya iwe ya iliki au ya nazi? Swali la namna hii lina maana kama bekari iko tayari kuoka jibu. Tarehe 27 inayoshinda inaonyeshwa ikitoka motoni, na wote waliopigia kura upande huo wanatumiwa ujumbe.

Wiki ya nne mshahara umeingia. Jumamosi tarehe 24 linatoka chapisho la tatu la kubandikwa juu: namna ya kuagiza keki. Siku mbili kabla, nusu ya malipo kama kianzio, jina la kuandikwa juu ya keki litumwe kwa maandishi wala lisitamkwe kwa simu, na saa ya kuchukua itajwe. Alhamisi tarehe 29 inarudi kwenye mkate na kuonyesha meza ya chai ya jioni kwa familia ya watu sita, yenye ajemi nne na skonzi sita, na jumla ya gharama imeandikwa juu ya picha: shilingi 5,800. Jumamosi tarehe 31 inatangazwa ratiba ya Novemba, pamoja na bidhaa itakayoondolewa kwenye ubao kwa kuwa haikununuliwa.

Kurekodi vyote hivi hakuhitaji kila siku. Alfajiri moja ya uokaji wa majaribio kabla ya kufungua, na nyingine karibu na tarehe 11, zinatoa vipande vya kutosha. Simu inashikwa wima. Kioo cha kamera kinafutwa kwa kitambaa kikavu kila mara, kwani mafuta na vumbi la unga hufanya picha nzima iwe na ukungu na mpigaji asijue kwa nini. Keki na mikate ya kaunta ipigwe picha saa mbili asubuhi karibu na dirisha au mlango, taa za ndani zikiwa zimezimwa: mwanga wa taa ya manjano huufanya mkate uonekane umeungua, na ule wa bomba huupa rangi ya majivu. Picha na video zikishakuwa tayari, programu ya bure ya Meta Business Suite inaruhusu kuziwekea tarehe na saa ya kutoka kwenye Facebook na Instagram, ili mwenye duka asikumbuke kazi hiyo akiwa na donge mikononi.

Suala la muziki lina mtego. Akaunti za biashara kwenye TikTok na Instagram hazina ruhusa ya kutumia nyimbo zote ambazo akaunti za watu binafsi hutumia, na video yenye wimbo unaovuma inaweza kunyamazishwa. Bekari ina sauti zake nzuri: kisu kwenye ganda, trei kwenye meza, donge likipigwa. Zitumike hizo.

Kuna siku mpango utavunjika. Umeme utakatika mashine ikiwa inakanda, gesi itaisha, au hamira iliyokaa muda mrefu itashindwa kuumua na mikate yote itatoka bapa. Kosa kubwa siku hiyo ni kuacha Status iliyotayarishwa itoke kama kawaida ikiahidi mkate wa moto. Mteja akitembea dakika kumi alfajiri na kukuta trei tupu, hatarudi kwa wiki kadhaa, na atawasimulia wengine. Kwa sababu hiyo machapisho yaliyowekewa saa mapema yasiwe na ahadi ya muda. Ahadi ya muda itolewe tu na mtu aliyesimama mbele ya tanuri na kuiona trei. Yatengwe pia machapisho mawili ya akiba yasiyotegemea siku, kwa mfano namna msaidizi anavyosuka mkate. Na kuhusu mkate wenyewe, ukweli useme mapema: "Umeme ulikatika usiku. Mkate utatoka saa mbili na nusu. Tunawaomba radhi." Ujumbe huo, ukiwahi, hulinda heshima ya duka.

Malalamiko nayo yatakuja hadharani. Mtu ataandika chini ya picha: "Mkate wa jana ulikuwa mgumu kama ubao." Kufuta maandishi hayo ni kumpa sababu ya kuyapeleka kwenye makundi ya mtaa. Jibu linalofaa ni fupi na linatoka ndani ya saa moja: "Pole sana mteja wetu. Ulinunua saa ngapi, tafadhali? Pita leo tukubadilishie." Mengine yanaendelea kwa ujumbe wa faragha. Jibu la saa ya kununua lina thamani yake, maana wateja watatu wakilalamikia mkate ulionunuliwa baada ya saa moja usiku, tatizo limejulikana: mkate wa alfajiri unakaa wazi kaunta siku nzima.

Kinachobaki ni kupima, na kipimo kiko kwenye daftari la kaunta. Kila jioni muuzaji anaandika vitu vinne: chapisho la leo, mikate iliyobaki saa mbili usiku, oda zilizokuja kwa simu, na wateja wapya waliojibu swali "umetujulia wapi?" Dakika tatu zinatosha. Baada ya wiki mbili mchoro unaanza kuonekana. Tuseme Jumanne zote zimebakiza mikate ishirini na Jumamosi zimeisha saa kumi na mbili jioni. Hapo dawa ni kupunguza unga Jumanne na kuongeza Jumamosi, na hakuna chapisho litakalofanya kazi hiyo badala ya mizani. Au video ya usiku imetazamwa mara elfu nne bila kuleta sura mpya kaunta, huku keki ya kilo moja kando ya sahani, iliyotazamwa mara mia mbili, imeleta oda tano.

Mwenye bekari akiwa na fedha kidogo ya kulipia tangazo, asubiri mpaka daftari limwonyeshe chapisho kama hilo la keki. Alilipie hilo moja tu, na achague lionekane kwa watu walio ndani ya kilomita chache kutoka dukani. Kisha aketi na muuzaji wake jioni ya tarehe 31, daftari likiwa wazi mezani, wachague machapisho matatu yaliyoleta oda au wateja wapya na wayapangie tarehe zake za Novemba kabla ya kupanga jingine lolote.